Asilimia 98 ya nini?

Kampuni ya Kimarekani iitwayo Workado iliuza kitambuzi cha maandishi, yaani programu inayosoma andiko na kusema kama limeandikwa na mtu au na akili mnemba. Tangazo lake lilidai usahihi wa asilimia 98. Mwaka 2025 Tume ya Biashara ya Shirikisho ya Marekani, FTC, iliishtaki kwa kupotosha wateja: maandishi ya kawaida yalipopimwa na watu wa nje, usahihi ulikuwa asilimia 53. Kwa jibu la ama ndiyo au hapana, hiyo haipishani sana na kurusha sarafu.

Tume ilieleza kwamba programu hiyo ilifundishwa kwa maandishi ya kitaaluma peke yake, kisha ikatangazwa kwa watumiaji wa kawaida. Kwa hiyo swali la kwanza kwa tangazo la namna hii ni kwamba kitambuzi kilipimwa kwa maandishi gani, kabla hata ya kuuliza kilipata asilimia ngapi.

Swali la pili ni la hesabu, na hapa ndipo wengi hupotea. Neno “usahihi” kwenye tangazo hukusanya mambo mawili yasiyofanana. Kuna uwezo wa kunasa: kati ya maandishi yote ya mashine, mangapi yamekamatwa? Halafu kuna uzito wa tuhuma: kati ya yote yaliyokamatwa, mangapi kweli ni ya mashine? Mwalimu anayetaka kumwita mwanafunzi ofisini anahitaji hili la pili, na matangazo mengi hayalitaji.

Tuchukue takwimu ambazo OpenAI, watengenezaji wa ChatGPT, walizitoa wenyewe. Januari 2023 walileta kitambuzi chao na wakakiri, kwa uungwana ambao si wa kawaida katika biashara hii, kwamba kilinasa asilimia 26 tu ya maandishi ya mashine, na kiliyatuhumu kimakosa asilimia 9 ya maandishi ya watu. Julai mwaka huohuo walikiondoa kwa sababu usahihi wake ulikuwa mdogo.

Sasa tuseme chuo kina insha 1,000, na 100 kati yake zimeandikwa na mashine. Kitambuzi hicho kitanasa 26. Katika insha 900 za wanafunzi waliojiandikia, asilimia 9 ni insha 81. Zilizotuhumiwa zote ni 107, na zenye hatia ni 26, yaani takriban moja kati ya nne. Watatu kati ya wanne wanaoitwa ofisini hawana kosa.

Lakini tukihesabu majibu yote yaliyo sahihi, tunapata 26 zilizonaswa na 819 zilizoachwa kwa haki, jumla 845. Mwenye duka anaweza kuandika “usahihi wa asilimia 84.5” na asiwe amesema uongo. Programu ambayo haitambui lolote, inayojibu “mtu” kwa kila insha, ingepata asilimia 90!

Badilisha mchanganyiko uwe nusu kwa nusu, insha 500 za mashine na 500 za watu. Kitambuzi kilekile, bila kuguswa, kinanasa 130 na kutuhumu kimakosa 45. Sasa karibu tuhuma tatu kati ya nne ni za kweli. Ndiyo maana asilimia ya tuhuma za kweli isiyotaja mchanganyiko wa maandishi yaliyopimwa haina maana kwako, hasa kama darasani kwako wadanganyifu ni wachache.

Tukirudi kwenye aina ya maandishi, kuna jambo linalotugusa sisi tunaoandika Kiingereza kama lugha ya pili au ya tatu. Mwaka 2023 watafiti wa Chuo Kikuu cha Stanford walivipa vitambuzi saba insha 91 za mtihani wa TOEFL, zilizoandikwa na watu ambao Kiingereza si lugha yao ya kwanza. Kwa wastani, zaidi ya nusu zilitangazwa kuwa za mashine. Insha za wanafunzi wa Marekani zilipita karibu zote bila tatizo. Vitambuzi vingi huangalia kama maneno yanayofuatana yanatabirika kwa urahisi, na mwenye msamiati mdogo huchagua maneno ya kawaida, kwa hiyo sentensi zake hutabirika.

Kiswahili chenyewe kiko mbali zaidi. OpenAI walishauri kitambuzi chao kitumike kwa Kiingereza tu, na kwamba hakitegemeki kwa andiko lisilofika herufi 1,000. Anayekuuzia kitambuzi cha insha za Kiswahili, basi, akuonyeshe alizipima insha ngapi za Kiswahili, zina urefu gani, ziliandikwa na nani, na kati ya zile za watu ni ngapi zilizotuhumiwa.