Hatua Nne Pembeni mwa Uwanja
Mchezaji wa Ukonga aangukapo na kushika kifundo cha mguu, anayemwendea huenda hajawahi kung'ara uwanjani. Kazi yake ni kupambanua kano iliyoteguka na mfupa uliovunjika. Uvimbe haumwambii mengi. Humwomba majeruhi apige hatua nne, kisha hubonyeza ukingo wa nyuma wa kila jicho la mguu, sentimita 6 za chini. Akishindwa kutembea, au mfupa ukiuma hapo, hupelekwa kupigwa eksirei. Kanuni hii, iliyobuniwa Ottawa, Kanada, haimfai aliyelewa wala mwenye ganzi miguuni, kwani maumivu yake hayaaminiki.

Ujuzi huo husomewa. Fiziotherapia hufundishwa KCMC, Moshi. Ukocha na uongozi wa michezo hufundishwa Malya, wilayani Kwimba. Kocha aliyepita huko naye hutakiwa kukubali mchezaji anapozuiwa kurejea uwanjani, hata timu ikiwa nyuma kwa bao moja.