Mstari Mmoja Gazetini

Kuanzia mwaka 1995, msomaji wa gazeti la New York Times mwenye mazoea ya kupitia matangazo madogo ya vitu vilivyopotea na kuokotwa angekutana, mara moja kwa wiki, na tangazo la ajabu. Halikuuza kitu wala halikumtafuta mbwa wa mtu. Lilikuwa na mfululizo wa herufi na tarakimu zisizosomeka kwa lugha yoyote. Wengi, bila shaka, waliliruka na kwenda kwenye habari za michezo. Kumbe mfululizo ule ulikuwa ukilinda nyaraka za wateja wa kampuni iitwayo Surety, na nyuma yake kulikuwa na mnyororo wa aina ileile ambayo miaka 13 baadaye ingezungumzwa kwa jina la Bitcoin.

Wazo lilikuwa la Stuart Haber na W. Scott Stornetta, watafiti wa maabara ya Bellcore huko New Jersey, waliochapisha makala yao mwaka 1991. Kilichowasumbua kilikuwa kitu cha kawaida kabisa. Daftari la maabara lina kurasa zilizoshonwa na kupigwa namba. Anayechomeka ukurasa au kuunyofoa huacha alama. Faili la kompyuta halina mshono. Mtu akilifungua leo, akabadilisha tarehe na kiasi cha fedha, akalifunga, hakuna wino uliokwaruzwa wala karatasi iliyochanika. Basi faili lisilo na mshono litashonwaje?

Jibu lao lilianzia kwenye kanuni ya hesabu iitwayo hashi. Hashi hupokea data yoyote, iwe neno moja, picha au filamu nzima, na kutoa namba ya urefu uleule siku zote. Ni kama mashine ya kusaga ambayo, ukiimwagia konzi ya mahindi au gunia zima, hutoa kibaba kimoja tu cha unga, si zaidi wala pungufu. Na kama ilivyo kwa unga, hakuna awezaye kuurudisha ukawa punje. Tofauti ni kwamba mahindi yaleyale hutoa unga uleule kila mara, hadi chembe ya mwisho, na punje moja ikibadilika unga wote unakuwa mwingine.

Hashi inayotumika sana leo ni SHA-256. Mwenye kompyuta ya Linux anaweza kuijaribu mwenyewe sasa hivi:

```
$ printf 'hello' | sha256sum
2cf24dba5fb0a30e26e83b2ac5b9e29e1b161e5c1fa7425e73043362938b9824

$ printf 'Hello' | sha256sum
185f8db32271fe25f561a6fc938b2e264306ec304eda518007d1764826381969
```

Ndani ya kompyuta, herufi ndogo `h` na herufi kubwa `H` zinatofautiana kwa biti moja tu, yaani swichi moja iliyozimwa badala ya kuwashwa. Lakini ukilinganisha mistari hiyo miwili hutaona undugu wowote kati yake. Hapo ndipo hashi inapostahili kuitwa alama ya kidole: ni fupi, haifanani na mwenyewe kwa sura, ila humtambulisha.

Urefu haubadiliki kwa sababu ya jinsi kazi inavyofanyika. SHA-256 huanza na namba nane, kila moja ya biti 32, zilizochukuliwa kutoka kwenye kipeuo cha pili cha namba tasa nane za kwanza. Waliounda kanuni hii walichagua namba ambazo yeyote anaweza kuzikokotoa upya, asije mtu akadhani zimefichwa hila ndani yake. Data hukatwa vipande vya baiti 64. Kipande cha kwanza huchanganywa na zile namba nane kwa mizunguko 64 ya kusukuma biti pembeni, kuzilinganisha na kuzijumlisha, na kila hesabu ikizidi biti 32 ziada hutupwa. Zikitoka, namba nane zinakuwa nyingine kabisa, nazo ndizo zinazopokea kipande cha pili. Filamu nzima itapita hivyo, kipande baada ya kipande, na mwishoni zitabaki namba nane zilezile: mara biti 32, ni biti 256, ambazo huandikwa kwa herufi na tarakimu 64.

Mwerevu atauliza hapo: kama data zinazoweza kuwepo hazina idadi, na alama zina idadi, si lazima data mbili zigongane kwenye alama moja? Ni lazima. Lakini idadi ya alama zinazowezekana ni namba yenye tarakimu 78, na kwa SHA-256 hakuna aliyewahi kuonyesha hata mgongano mmoja. Ulinzi wote umejengwa juu ya ugumu wa kuupata mgongano huo.

Sasa tuje kwenye mshono. Chukua bloku mbili za kwanza kabisa za Bitcoin. Bloku namba 0 ina tarehe ya 3 Januari 2009, na bloku namba 1 ilifuata siku sita baadaye. Kila bloku ina kichwa cha baiti 80, na kati ya hizo, baiti 32 ni alama ya bloku iliyotangulia:

```
Bloku 0
alama:       000000000019d6689c085ae165831e934ff763ae46a2a6c172b3f1b60a8ce26f

Bloku 1
iliyopita:   000000000019d6689c085ae165831e934ff763ae46a2a6c172b3f1b60a8ce26f
alama:       00000000839a8e6886ab5951d76f411475428afc90947ee320161bbf18eb6048
```

Alama ya bloku 1 hupatikana kwa kukisaga kichwa chake chote (Bitcoin husaga mara mbili), pamoja na ile alama ya bloku 0 iliyomo ndani. Kwa hiyo anayegusa biti moja ya bloku 0 anabadilisha alama yake, na alama mpya haitalingana tena na iliyoandikwa ndani ya bloku 1. Akiirekebisha bloku 1 ilingane, naye ameigusa bloku 1. Alama yake inabadilika, na bloku 2 inaanza kupiga kelele. Uongo uliofanyika mwanzoni unasukumwa mbele, pete kwa pete, mpaka kwenye pete ya mwisho.

Na hapa ndipo maelezo mengi ya mnyororo wa bloku huishia, kana kwamba kazi imekwisha. Haijakwisha. Kama mnyororo wote uko kwenye kompyuta ya mtu mmoja, atabadilisha bloku anayoitaka, kisha atakokotoa upya alama zote zinazofuata. Kompyuta ya kawaida ya mezani hukokotoa mamilioni ya alama kwa sekunde. Mnyororo mpya utakuwa safi, kila pete imeshika mwenziwe, na hakuna hesabu itakayoonyesha kwamba jana kulikuwa na mwingine. Hashi peke yake haizuii udanganyifu. Inachofanya ni kuusogeza wote mahali pamoja, yaani kwenye alama ya mwisho. Anayeijua alama ya mwisho, na ana hakika nayo, hahitaji kulinda chochote kilicho nyuma yake.

Ndiyo maana ya lile tangazo gazetini. Surety ilikusanya alama za nyaraka za wateja, ikaziunganisha mbilimbili na kuzisaga tena, mpaka wiki nzima ya nyaraka ikabaki na alama moja, nayo ikapelekwa kuchapishwa. Kuanzia siku hiyo, aliyetaka kubadilisha hati ya wiki iliyopita angepaswa kuzikusanya nakala zote za gazeti, kwenye maktaba na kwenye nyumba za watu, hadi zile zilizofungiwa samaki. Hata wenye kampuni wenyewe wasingeweza.

Satoshi Nakamoto, jina la mtu au watu wasiojulikana mpaka leo, alilijua hilo vizuri. Waraka wake wa Oktoba 2008 una marejeo manane tu, na matatu kati yake ni kazi za Haber na Stornetta. Ndani ya bloku 0 alipachika pia kichwa cha habari cha gazeti la The Times la London la siku hiyo ya 3 Januari, kilichohusu kuokolewa kwa mabenki. Ni kinyume cha mbinu ya Surety. Alama ikichapishwa gazetini, inathibitisha kwamba data ilikuwepo kabla ya siku ile. Habari ya gazeti ikiwekwa ndani ya data, inathibitisha kwamba data haikutengenezwa kabla yake.

Lakini mfumo wake haukuwa na gazeti la kuitunza alama ya mwisho. Badala ya karatasi aliweka gharama. Angalia tena alama za bloku zile mbili: zinaanza na sifuri nyingi, na hilo si bahati. Bloku haikubaliki mpaka alama yake iwe chini ya kiwango fulani, na kwa kuwa hakuna ajuaye alama itakavyotoka kabla ya kusaga, njia pekee ni kubadilisha namba ya kubahatisha iliyomo ndani ya kichwa na kusaga tena na tena. Mwaka 2009 kulihitajika sifuri nane za mwanzo, jambo linalotokea takribani mara moja katika majaribio bilioni 4.3. Siku hizi zinahitajika sifuri kama 19. Anayebadilisha bloku ya zamani lazima ailipe gharama hiyo upya kwa kila bloku iliyofuata, huku mtandao mzima ukiongeza bloku mpya takribani kila dakika kumi.

Kinga hii ina ukubwa wake, na ukubwa huo hupimika. Mei 2018, sarafu ndogo ya Bitcoin Gold ilivamiwa na mtu aliyekusanya nguvu ya kompyuta kuliko waaminifu wote wa mtandao wake. Hakuvunja hashi yoyote. Aliandika upya bloku za karibuni tu, zile za mwishoni, akafuta malipo aliyokwisha kuyafanya na kuzitumia sarafu zilezile mara ya pili.

Hashi zenyewe nazo huzeeka. Februari 2017, watafiti wa Google na wa taasisi ya CWI ya Amsterdam walionyesha mafaili mawili ya PDF, moja lenye rangi ya buluu na jingine jekundu, yote yakitoa alama moja kwa kanuni ya zamani iitwayo SHA-1. Kwa SHA-256, mafaili hayohayo hutoa alama mbili tofauti. Hata hivyo, watafiti hao waliyatengeneza yote mawili kwa pamoja tangu mwanzo. Kuchukua hati ambayo mwingine aliiandika miaka iliyopita na kuitafutia pacha ni kazi ngumu kupita hiyo kwa mbali, na kwa SHA-1 hakuna aliyeifanya hadharani. Haber na Stornetta walikuwa wamelitazamia jambo hili tangu 1993, wakiwa na mwenzao Dave Bayer: kabla hashi ya zamani haijavunjika, chukua hati pamoja na cheti chake cha zamani, uvisage vyote viwili kwa hashi mpya, kisha uipeleke alama hiyo gazetini.