Kengele ya Usiku na Mkono Uliolaliwa

Saa nane na dakika kumi usiku simu ililia. Sensa iliyobandikwa kwenye mkono wa kushoto wa binti yangu, mwenye umri wa miaka 9 na kisukari cha aina ya kwanza, ilionyesha 2.9. Robo saa kabla ilikuwa 7.2. Nilimkuta amelala fofofo, ubavu wa kushoto, mkono wenye sensa umebanwa kati ya mbavu na godoro. Hakuwa na jasho wala hatetemeki. Nikamtoboa kidole: 6.8.

Sensa haipimi damu. Uzi wake mwembamba umekaa chini ya ngozi, ndani ya majimaji yanayozunguka seli, na sukari hufika huko ikitoka kwenye mishipa midogo sana ya damu. Mwili ukiulalia mkono, mishipa hiyo hubanwa na sukari mpya haifiki vizuri, huku seli za hapo zikiendelea kutumia ile iliyobaki. Sensa basi inasoma upungufu wa mahali padogo tu, mwili mwingine ukiwa salama.

Nilimgeuza upande wa pili bila kumpa kitu. Baada ya dakika 20 simu ilisoma 6.6. Asubuhi mchoro ulionyesha shimo: mstari umenyooka, ukaporomoka ghafla, kisha ukarudi ulipokuwa bila yeye kula chochote. Sukari inayoshuka kweli mara nyingi huteremka polepole zaidi, na haipandi hivyo kwa kugeuka tu. Kama ningemnywesha juisi usiku ule, angeamka na sukari ya juu.

Lakini mchoro peke yake hauniridhishi. Mtoto aliyecheza mpira hadi magharibi, au aliyechomwa insulini ya ziada usiku, anaweza kushuka kweli na wakati huohuo akawa ameulalia mkono. Kinachoamua ni kidole. Na kidole kioshwe kwa maji na sabuni, kikaushwe: utomvu wa embe uliobaki ngozini unaweza kupandisha kipimo na kuficha hatari ya kweli. Kipimo cha kidole kikiwa chini ya 4, tunampa sukari mara moja kama daktari alivyotuelekeza. Vivyo hivyo kama stripi zimeisha, au mtoto anatoka jasho, anaweweseka, haamki vizuri. Hapo hatusubiri mchoro uonyeshe umbo lake. Asiyeweza kumeza hanyweshwi kitu. Anapewa glukagoni kama ipo, na kukimbizwa hospitali.

Kuzima kengele nilikataa. Sensa iliyofuata tuliibandika nyuma ya mkono wa kulia, kwa kuwa yeye hulalia kushoto. Bado kuna usiku anajigeuza na simu inalia. Naamka, namsogeza mkono, natoboa kidole.