Gari Linalozima Injini Ikipata Moto

Ndugu mkulima, huenda unalo Probox kuukuu la kupelekea maziwa kiwandani. Asubuhi linawaka vizuri. Ukisha kwenda mwendo wa nusu saa na injini kupata moto, linazima ghafula kama aliyefunga swichi. Unapiga stata, injini inazunguka kwa nguvu lakini haishiki. Unangoja nusu saa huku maziwa yakiharibika juani, kisha linawaka kama kwamba halikuwa na neno.

Wengi hukimbilia kununua betri au pampu ya petroli. Betri haina kosa, maana stata inazunguka vizuri. Mtazame kwanza mtambuzi wa krankshafti, ambao mafundi huuita sensa. Ni kitu kidogo chenye sumaku na waya mwembamba uliozungushwa mara nyingi. Katika injini ya 1NZ-FE ya Probox kimefungwa chini, karibu na puli ya krankshafti. Kazi yake ni kuiambia komputa ya gari krankshafti imefika wapi. Komputa isipopata habari hiyo haijui wakati wa kutoa cheche wala petroli, basi injini hufa. Waya wa ndani ukiwa na ufa, joto huutanua ukaachana. Ukipoa hugusana tena.

Gari likizima, piga stata huku ukitazama mshale wa mizunguko ya injini, kama gari lako linao. Katika magari mengi, mshale usipotikisika hata kidogo, sensa hii ndiyo ya kushukiwa. Taa ya injini ikiwaka, fundi achomeke chombo cha kusomea makosa chini ya usukani. P0335 ni njia ya sensa ya krankshafti. P0340 ni ya kamshafti. Ile ya kamshafti ikiharibika, mara nyingi gari huwaka kwa shida, baada ya kuzungushwa sana, lakini halizimi hivi.

Angalia vema: namba hiyo yasema njia ina kosa, haisemi sensa imekufa. Panya hupenda kutafuna nyaya za gari linalolala ghalani karibu na mahindi, na plagi ya sensa huingia mafuta au kutu. Fundi afuate waya kwanza. Kisha aipime sensa kwa mita ingali moto, maana ikipoa itaonyesha kuwa ni nzima. Mita ikionyesha njia imekatika, sensa ibadilishwe. Imeshikwa kwa bolti moja tu. Za bei ndogo mno hurudisha ugonjwa ule ule baada ya muda mfupi, basi afadhali ile ya asili.

Mpaka itengenezwe, usipakie watu. Injini ikifa mteremkoni usukani huwa mzito, na breki husaidiwa kwa kukanyaga mara chache tu, kisha huwa ngumu.