JE, WAJUA? Jina lenyewe linajipinga

Oksimoroni ni tamathali inayokutanisha maneno mawili yanayokanana, yakazaa maana moja. Neno lina asili ya Kigiriki: sehemu ya kwanza ni “kali”, ya pili “butu” au “pumbavu”. Yaani hata jina lake ni oksimoroni.

Waingereza wana neno moja, “bittersweet”, linaloshika utamu na uchungu pamoja. Fikiria mzazi wa Vidunda anayemsindikiza bintiye stendi ya Mikumi kwenda shule ya bweni: anafurahi, na anaumia, kwa jambo lilelile. Hapo ndipo oksimoroni inapostahili jina lake. Hisia moja ikiisha ndipo nyingine ianze, huo ni mfuatano tu. Said Ahmed Mohamed wa Zanzibar aliita riwaya yake ya miaka ya 1970 “Asali Chungu”. Utamu hakuutaja popote katika jina hilo. Asali yenyewe inatuletea utamu huo, na “chungu” linaupinga. Kwangu, ni mfano bora kuliko ule wa Kiingereza.

Na “kimya kinachoziba masikio”? Kimya hakina sauti, hivyo hakiwezi kumtia mtu uziwi. Lakini mtu akiuliza swali zito mkutanoni na asijibiwe, ukimya ule humlemea kila aliyepo kama kelele. Wahenga waliliona hilo: kimya kingi kina mshindo mkuu.

Ukitaka kupima, ondoa neno moja. Kinachobaki kikisema yaleyale, hiyo si oksimoroni.