Barua ya Kupinga Hoja ya Mkaguzi

Kabla ripoti ya ukaguzi haijawa rasmi, mkaguzi huipa menejimenti rasimu ya hoja zake ili izijibu. Hapo ndipo kosa la takwimu hurekebishika kwa urahisi. Nchini Tanzania, ripoti za Mdhibiti na Mkaguzi Mkuu zikishakabidhiwa kwa Rais, hupelekwa bungeni, na huko kujieleza ni kugumu zaidi.

Tuchukue mfano wa kubuni wa mamlaka ya maji. Rasimu inasema shilingi 48,600,000 zililipwa bila viambatanisho. Meneja wa fedha akikasirika, ataandika kwamba hoja si ya kweli na nyaraka zote zipo. Barua ya namna hiyo haimsaidii, kwa sababu mkaguzi hawezi kuhakiki neno "zipo". La kwanza ni kumwomba orodha ya hati za malipo zilizounda jumla ile, kisha kuifuatilia hati moja baada ya nyingine.

Orodha ina hati saba. Nne, zenye jumla ya shilingi 30,100,000, zina ankara, risiti na hati za kupokelea vifaa, ila zilihifadhiwa kwenye jalada la mradi badala ya masijala ya uhasibu. Ya tano ni ya shilingi 12,000,000. Benki ilizirudisha fedha hizo kwa sababu namba ya akaunti ilikosewa, malipo yakafanywa upya, na nyaraka zikahamishiwa kwenye hati mpya. Ndiyo maana ile ya zamani ilionekana tupu. Ushahidi wake ni taarifa ya benki inayoonyesha fedha zikirudi, pamoja na usuluhisho wa benki wa mwezi huo. Mbili za mwisho, shilingi 6,500,000, kweli hazina risiti.

Barua nzuri huyasema haya yote kwa utaratibu huohuo: inataja namba ya hoja, inaeleza kila hati na kiambatanisho chake, inamwalika mkaguzi aone nakala halisi, kisha inaomba kiasi kishuke hadi shilingi 6,500,000. Kukiri sehemu iliyo kweli ndiko kunakomfanya msomaji aamini sehemu inayopingwa. Ni haki pia kukubali kwamba majalada ya mradi hayakuletwa yalipoitishwa; mkaguzi anaweza kuliacha hilo kama udhaifu wa utunzaji wa kumbukumbu, na hapo hana kosa.

Kishawishi kikubwa ni zile hati mbili. Risiti iliyotafutwa leo ikaandikwa tarehe ya mwaka jana ni kughushi, na risiti za mashine ya kodi hubeba tarehe na saa ya kutolewa, hivyo hugundulika upesi. Afadhali kuandika wazi kwamba risiti haikupatikana, nani alipokea fedha, na lini zitarejeshwa. Kisha barua ipite kwa Afisa Masuuli kabla haijatoka, kwa kuwa yeye ndiye atakayeitwa kujibu mbele ya kamati ya Bunge.