Jedwali Katika Mstari Mmoja

Kumbukumbu ya kompyuta haijui safu wala nguzo; ni mstari mmoja mrefu wa baiti. Jedwali la safu 3 zenye namba 4 kila moja hupangwa humo safu baada ya safu, na kila namba huchukua baiti 4.

Tuseme inatakiwa namba ya safu ya 2, nguzo ya 1, hesabu ikianzia 0. Prosesa huruka namba 2 × 4 + 1 = 9, yaani baiti 36. Katika asembli ya x86-64, `rbx` ikishika mwanzo wa jedwali, `rsi` safu na `rdx` nguzo:

```
imul rax, rsi, 4
add  rax, rdx
mov  eax, [rbx+rax*4]
```

`4` ya kwanza ni idadi ya nguzo. Ya mwisho ni baiti.

Hiyo ya mwisho ikisahaulika, prosesa husoma kuanzia baiti ya 9, katikati ya namba nyingine. Ikiwa hapo zimekaa 30 na 40, hutoka 671088640. Ukiona jibu la ajabu namna hiyo, kagua kwanza kizidishio.